Malipo ya Ishirini na Saba

Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1949, Nachingwea iliamka na joto la kuchemsha ubongo. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa Lionja kwa siku tatu, meusi kama sufuria ya msibani, na hayakudondosha hata tone. Watu walitazama juu, wakatazama mashamba yao yaliyolimwa yakangoja mbegu.

Kaimu, karani wa mishahara, alifungua dirisha la ofisi ya mabati akaona wanaume wamekwisha kujipanga. Siku nyingine za malipo walikuja wakiburura miguu. Leo walikuja wameoga. Wengine walikuwa wamefunga mizigo kabisa, mikeka imeviringishwa, vyungu vimetiwa ndani ya magunia. Walikuwa watu wa kung'oa visiki, vibarua wa mkandarasi mmoja aliyefyeka pori kwa ajili ya mashamba ya karanga, na kwa hesabu yao leo mwaka wao wa kazi ulikuwa umekwisha.

Hesabu hiyo waliipata kwa Kaimu mwenyewe.

Kaimu alizaliwa Mandawa, upande wa Ruangwa, akasoma mpaka Kiingereza chake kikatosha kuandika barua ya ofisi. Mkandarasi alimwajiri mwanzoni mwa mwaka 1948. Vibarua walilipwa kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, na mwisho wa mwaka kulikuwa na bahashishi ya shilingi thelathini na blanketi. Sharti la bahashishi lilikuwa moja: itolewe siku ya malipo ya mwisho ya mwaka, kwa mtu aliyeko kazini siku hiyo. Aliyeondoka kabla hakuwa na chake.

Wengi wao hawakusoma kalenda. Wakamuuliza, "Karani, siku hiyo tutaijuaje?" Kaimu akagawa wiki hamsini na mbili kwa mbili, akawaambia mwaka una malipo ishirini na sita. Akawafundisha kufunga fundo kwenye kamba kila wanapolipwa. Fundo la ishirini na sita likifungwa, mtu anyooshe mkono apokee blanketi lake. Mwaka ule wa kwanza mambo yalikwenda hivyo hivyo. Walianza kulipwa tarehe 3 Januari, wakafunga fundo la ishirini na sita tarehe 18 Desemba, bahashishi ikatoka. Jina la Kaimu likapata uzito. Watu waliacha kumwita karani tu, wakamwita karani wetu.

Kisha Mwaka Mpya wa 1949 ukaangukia Jumamosi, na Jumamosi hiyo ilikuwa ya malipo. Kaimu alisimama dirishani, akacheka, akawaambia, "Haya, fungeni fundo la kwanza leo leo, mwaka usije ukawatoroka!" Wakafunga.

Hakuiona hatari mpaka tarehe 3 Desemba. Jioni ile, baada ya malipo, alikaa kuandika maombi ya fedha za mwisho wa mwaka zitakazoletwa kutoka Lindi. Alinyoosha kidole kwenye kalenda ya duka iliyotundikwa ukutani. Jumamosi ya malipo ijayo, tarehe 17. Na nyingine baada ya hapo, tarehe 31. Aliurudisha mkono, akaanza tena kuanzia Januari, akidhani macho yamemdanganya. Hayakumdanganya. Wiki hamsini na mbili ni siku mia tatu sitini na nne, nao mwaka una siku moja zaidi. Kwa kawaida siku hiyo moja haileti neno, inasogeza tu tarehe. Lakini mwaka ulioanza na siku ya malipo asubuhi yake ya kwanza ulikuwa na nafasi ya siku ya malipo nyingine jioni yake ya mwisho. Malipo ya 1949 yalikuwa ishirini na saba, na ya mwisho hayakuwa ya tarehe 17.

Alikwenda kwa Bwana Meneja na kalenda mkononi.

Meneja alikuwa Mzungu mwembamba, mwenye kikohozi. Alihesabu mwenyewe kwa ncha ya kalamu, polepole, halafu akairudisha kalenda mezani.

"Fedha za mishahara za mwaka mzima niliziomba kwa malipo ishirini na sita," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Ya ishirini na saba hakuna. Nani alinipa hesabu hiyo?"

"Mimi, Bwana."

"Wewe." Alikohoa. "Niandike Lindi kwamba karani wangu hajui mwaka? Tena kwamba mimi nilitia sahihi?"

Kaimu aliichukua kalenda mezani akaikunja.

"Sikiliza. Fedha za bahashishi zipo. Watu wako wanadhani mwisho ni tarehe 17. Wengine wataondoka siku hiyo, mvua inawaita. Anayeondoka, hana bahashishi. Hizo zitalipa mishahara ya wanaobaki. Basi. Usiseme kitu."

"Bwana, wataondoka kwa sababu mimi niliwaambia."

"Nimesema usiseme kitu. Nyumba unayokaa ni ya kazi, sivyo?"

Ilikuwa ya kazi. Ndani yake walilala mkewe Mwamina na watoto wawili. Kaimu akanyamaza siku ya kwanza, akanyamaza ya pili, na kila siku aliyonyamaza ilifanya ya kesho yake kuwa nzito zaidi kusema.

Uzito huo ulikuwa na sura ya mtu, sura ya Shaban. Shaban wa Lionja alikuwa mwanyumba wake, maana alimwoa Zaina, mdogo wake Mwamina. Alikuwa na mikono mikubwa, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika, na alikuwa na deni la kodi ya kichwa ya miaka miwili. Jumbe wa kijiji chao alikwisha kumwahirishia mara mbili. Mara ya tatu alisema anayeshindwa kulipa atapelekwa kwenye kambi ya barabara, apige kokoto mpaka deni liishe. Ndipo Kaimu alipomwandikia jumbe barua, mwezi wa kumi, kwamba Shaban atapokea bahashishi yake tarehe 17 Desemba bila shaka. Jumbe akakubali kungoja mpaka baraza la Jumanne tarehe 27. Baada ya hapo, alisema, hata nabii akija na barua hatasikilizwa.

Kupelekwa barabarani wakati wa kupanda maana yake ilijulikana na kila mtu. Shamba lisilopandwa Desemba halimlishi mtu Mei.

Basi asubuhi ile ya tarehe 17, Kaimu alilipa watu kumi wa kwanza mshahara wao wa wiki mbili, bila blanketi, bila shilingi thelathini. Wa kumi na moja alikuwa Abdalah, mnyapara, mtu mzima mwenye mtoto wa jicho katika jicho moja.

"Karani, blanketi umelilalia wewe?" aliuliza Abdalah, na watu wakacheka.

Kaimu aliweka kalamu chini, akamwachia karani msaidizi dirisha. Alitoka nje, akasimama juu ya sanduku la misumari. Mlango wa Meneja ulikuwa wazi hatua chache tu kutoka pale.

"Jamani," alisema, "nisikilizeni. Nilikosea. Mwaka huu una malipo ishirini na saba. Ya mwisho ni tarehe 31. Bahashishi itatoka siku hiyo. Msiondoke leo. Atakayeondoka leo ataikosa."

Wengine walizitazama kamba zao. Kisha mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mwaka umeota kidole cha sita!"

Kicheko kililipuka, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Shaban alipenya mstari, kamba yake imening'inia mkononi.

"Mwanyumba," alisema, "hii kamba nani alinifundisha kuifunga?"

"Mimi."

"Mafundo mangapi?"

"Ishirini na sita. Lakini Shaban, mwaka huu ulianza..."

"Hesabu mbele ya watu."

"Sina haja ya kuhesabu, najua yametimia. Tatizo ni kwamba mwaka una siku moja zaidi ya wiki hamsini na mbili, na siku hiyo..."

"Siku moja!" Shaban aligeukia wenzake. "Mmesikia? Siku moja imezaa wiki mbili! Kuku gani huyo?"

"Mwulize mtetea!" mtu akajibu, na kicheko kikazidi.

Kaimu aliona maneno ya vitabu hayatamfikisha popote. Akatafuta kitu wanachokijua. "Abdalah," aliita, "wewe unapima mistari ya kufyeka. Ukitaka nafasi ishirini na sita kati ya vigingi, unachomeka vigingi vingapi?"

Abdalah alifikiri, jicho lake zima limeelekea chini. "Ishirini na saba. Lazima kuwe na cha mwanzo na cha mwisho."

"Haya. Kati ya malipo na malipo ni nafasi ya wiki mbili. Nafasi ishirini na sita zinajaza mwaka, inabaki siku moja. Mwaka jana kigingi cha kwanza kilichomekwa tarehe tatu, kwa hiyo kile cha ishirini na saba kiliangukia ng'ambo, mwaka mwingine. Ndicho hicho tulichokichomeka Mwaka Mpya. Mwaka huu cha kwanza kimechomekwa mlangoni kabisa, tarehe moja. Basi cha mwisho kimebaki ndani ya ua, tarehe 31."

Ilionekana imemwingia Abdalah. "Yawezekana," alisema polepole. "Yawezekana anasema kweli huyu."

"Kweli ya leo!" Shaban alifoka. "Na ile ya mwaka jana ilikuwa nini? Kila siku ishirini na sita, ishirini na sita, hata watoto wetu wanaiimba. Leo siku ya kupokea, imekuwa ishirini na saba. Tukibaki, tarehe 31 utatuambia ishirini na nane. Mvua itanyesha tukiwa hapa tunang'oa visiki vya watu."

"Wallahi, Shaban..."

"Usimtaje Mungu kwenye hesabu yako."

Kaimu alishuka kwenye sanduku. Akamshika Shaban mkono, akamvuta kando kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Baki. Jumbe nitamwandikia tena, nimweleze."

"Barua yako ya kwanza ndiyo iliyonifikisha hapa."

"Basi chukua mshahara wangu wa leo. Uongeze na wako, ulipe kodi, halafu urudi Jumatatu kazini. Tarehe 31 utanirudishia."

Alikuwa amekwisha kuzitoa fedha mfukoni. Lilikuwa ndilo kosa lake kubwa siku ile. Shaban alizitazama zile noti, akamtazama usoni, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekuta nyoka ndani ya kapu alilotia mkono.

"Kumbe unazo," alisema taratibu. Halafu kwa sauti ya watu wote: "Kumbe anazo! Tazameni! Anataka kunipa mimi peke yangu ninyamaze, kwa kuwa tumeoa nyumba moja! Bahashishi zetu hizi hapa!"

Hapo hakuna aliyesikia tena. Mtu alimtupia Kaimu kibonge cha udongo kikampata begani. Abdalah alipiga kelele watu wakae chini, wapo waliokaa, lakini Shaban alikuwa amekwisha kupokea mshahara wake dirishani kwa karani msaidizi, akabeba gunia lake, na wanaume ishirini na mmoja wakamfuata barabarani. Hawakugeuka nyuma. Nusu ya mshahara ule Shaban aliiacha dukani njiani, alikokuwa amekopa unga na chumvi.

Meneja alitoka kizingitini pake, leso mdomoni.

"Umewaambia," alisema.

"Nimewaambia, Bwana."

"Vizuri. Hawakukusikia. Futa majina yao."

Kaimu alichukua wino mwekundu akayafuta, moja baada ya moja. Alipofika kwenye jina la Shaban mkono wake ulisita. Meneja alikuwa amesimama nyuma yake. Akalifuta.

Jumapili alimtuma mtu Lionja na barua kwa jumbe. Mtu yule alirudi na barua ile ile, haikufunguliwa.

Mvua ilianza Jumatano, tarehe 21, ikanyesha kama iliyofungiwa. Waliobaki kazini walifanya kazi kwenye tope mpaka magotini. Walimsalimu Kaimu kwa sababu ni lazima kusalimiana. Mwamina alimpa chakula, akakaa mbali akimtazama anavyokula.

"Hukuniambia hata mimi," alisema siku moja.

"Ningekwambia, ungemwambia Zaina."

"Ndiyo. Ningemwambia." Akainuka, akaondoa sahani.

Tarehe 31 Desemba, Jumamosi, malipo ya ishirini na saba yalitoka kama Kaimu alivyosema. Waliobaki walipokea mshahara, shilingi thelathini na blanketi, na fedha zilitosha, kwa kuwa za walioondoka zilijaza pengo. Meneja alitia sahihi, akasema hesabu imekaa sawa. Abdalah alipokea blanketi lake akalikunja kwapani.

"Ulisema kweli, Karani," alisema.

"Nilisema kweli."

"Ndiyo maana inauma." Akaenda zake.

Dirisha lilikuwa karibu kufungwa alipotokea mwanamke aliyejitanda kaniki iliyolowa, mtoto mgongoni. Kaimu hakumtambua mpaka alipoinua kichwa. Zaina alikuwa amekonda mashavu kwa siku chache tu.

"Shemeji," alisema, "nimekuja kuchukua bahashishi ya mume wangu. Nimewaona wenzake njiani na mablanketi. Wanasema imetoka."

"Zaina, ingia ndani, umelowa."

"Jina lake limo?"

Kaimu alifunga daftari. "Halimo. Ni sharti. Asiyekuwepo leo..."

"Nani alilitoa?"

"Mimi."

Zaina alikubali kwa kichwa, kama mtu anayepokea salamu za kifo alichokwisha kusikia. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti. Jumanne barazani Shaban alitoa alichokuwa nacho, hakikufika hata kodi ya mwaka mmoja. Jumbe alimwuliza iko wapi ile tarehe 17 ya karani. Shaban akasema karani ni mwizi. Wakamfunga mikono, wakampeleka kambi ya barabara, upande wa Ruangwa, miezi mitatu. Alitaka kumpiga tarishi, naye akapigwa yeye. Mkono wa kulia hauinuki.

"Shamba?" aliuliza Kaimu.

"Shamba lina maji na magugu. Mbegu ipo ndani. Mimi na huyu mgongoni." Alimtikisa mtoto aliyeanza kulia. "Shemeji, nikuulize neno moja. Huku kuongezeka kwa malipo, ulikujua lini?"

Mvua ilipiga mabati. Kaimu angeweza kusema asubuhi ile ile. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye na Meneja.

"Tarehe tatu," alisema.

Zaina alihesabu. Hakuhitaji kamba.

"Wiki mbili," alisema. "Ungetuambia tarehe tatu, Shaban angeuza mbuzi. Mbuzi alikuwepo. Alikuwa anamngojea kumchinja kwa furaha ya hiyo bahashishi. Kwenye baraza hawakumtaka mbuzi, walitaka pesa, na mvua ilikuwa imekwisha kufunga njia ya sokoni." Akafuta maji usoni. "Kukosea hesabu, kila mtu hukosea. Baba yangu alihesabu mwezi wa Ramadhani vibaya, tukafunga siku ya Idi, tukamcheka mpaka anakufa. Lakini ulijua, ukanyamaza."

Kaimu alitoa shilingi thelathini zake mwenyewe akazisukuma kwenye dirisha, na blanketi lake juu yake. Zaina alichukua blanketi akamfunika mtoto. Zile fedha aliziangalia muda mrefu, halafu akazifunga kwenye pindo la kaniki. Hakusema asante, na Kaimu hakuitegemea. Fedha hizo zisingemtoa Shaban. Aliyekwisha kuandikwa kambini hatoki mpaka siku zake zitimie.

Zaina alilala kwao usiku ule, yeye na Mwamina kitanda kimoja, watoto katikati. Kaimu alilala sebuleni.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumapili, Mwaka Mpya. Mvua ilikuwa imepumzika. Zaina aliondoka mapema, na alipofika kwenye njia ya Lionja alisikia nyayo nyuma yake. Kaimu alikuwa amevaa kaptura kuukuu, jembe begani. Funguo za ofisi alikuwa amempelekea Abdalah azikabidhi kwa Meneja Jumatatu, na Mwamina alikuwa ameanza kufunga vyombo vya nyumba ya kazi. Zaina alimtazama, asimkaribishe wala asimfukuze. Akageuka akaendelea na njia yake, naye akamfuata kwa mbali. Walipofika shambani Kaimu alianzia upande wenye magugu mengi, akalima mpaka viganja vyake vya kalamu vikachubuka, na Zaina akapita nyuma yake akitia mbegu kwenye mashimo.